Miaka Kumi na Saba ya KDB

Shangazi yangu alikataliwa kazi mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo jibu lilirudi kabla chai yake haijapoa. Hakuna binadamu anayesoma kwa kasi ile. Barua yake ilikuwa ikipitia kwanza kwenye programu ya kuchuja maombi, na programu ilikuwa ikimtupa nje kabla mtu hajaliona jina lake.

Alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye ghala la dawa. Kampuni ikauzwa, wenzake wakatawanyika kila mtu na njia yake, naye akabaki peke yake katika vyumba viwili vyenye mapazia ya kijani. Redio aliiacha ikiongea mchana kutwa, hata alipokuwa jikoni.

Siku niliyokwenda, tangazo la kazi la ghala la hospitali lilikuwa limebakiza saa nne kufungwa. Alisema hilo likimpita, atarudisha funguo kwa mwenye nyumba na kwenda kuishi kwa mama yangu, kulala sebuleni. Akanipa wasifu wake, ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ulisomeka: "MKB-2, KDB. T8 na tanguliza. Z-6 mara mbili, H sifuri."

"Shangazi, KDB ni nini?"

"KDB ni KDB. Hata mlinzi wa getini anaijua."

"Mlinzi yupi?"

Akaikunja pembe ya karatasi. Lile geti sasa lina kufuli la watu wengine.

"Kwetu," alisema, "ukitamka maneno yote marefu ulichekwa. Uliitwa Mgeni mwezi mzima. Sasa unataka nijiandike kama mtu aliyeingia jana?"

"Nataka uandike kwa mtu ambaye hajawahi kuingia."

"Chuo kimekufundisha mdomo, mwanangu."

Lakini alivuta kiti. Nikamuuliza kifupi kimoja kimoja, naye akajibu akitazama ukutani. KDB: Kitengo cha Dawa za Baridi. T8: chumba cha kuhifadhi chanjo na insulini kwenye nyuzi joto mbili hadi nane. Tanguliza: dawa inayowahi kuisha muda ndiyo inayotoka kwanza. Nikatazama tangazo. Lenyewe lilitaka mtu anayejua "FEFO".

"Si ndiyo hiyo hiyo!" akasema. "Makao makuu waliiita hivyo. Sisi tulisema tanguliza."

Hiyo tukaiandika kwa namna zote mbili, maelezo na kifupi, kwa kuwa FEFO inajulikana katika kila ghala la dawa na programu huenda ikatafuta chochote kati ya hivyo. Vile vifupi vilivyojulikana ghalani kwao tu tukavifumua kabisa.

Kwenye cheo tuligombana. MKB-2 ni Mtunza Kumbukumbu za Baridi, daraja la pili. Nikaandika "Meneja wa Ghala".

"Futa."

"Shangazi, kazi uliyofanya ni ya meneja!"

"Mshahara haukuwa wa meneja, wala cheo. Wakipiga simu kuuliza, nitaweka wapi uso wangu? Futa."

Nilifuta, nikiwa na hasira na dunia nzima. Tukaacha cheo chake cha kweli kwa maneno kamili, na chini yake tukaeleza kazi.

Ikabaki Z-6.

"Umeme kukatika na jenereta kugoma," alisema. "Unahamisha chanjo zote kwenye masanduku yenye vipande vya barafu, unaandika joto la kila sanduku kila nusu saa. Mara ya pili ilichukua saa kumi na nne. H ni hasara."

"Kwa hiyo hasara sifuri..."

"Haikuharibika hata dozi moja."

Tukaandika: "Niliongoza uhamishaji wa dharura wa chanjo umeme ulipokatika, mara mbili, bila dozi hata moja kuharibika." Ombi tulituma zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Safari hii jibu halikurudi mara moja. Siku ya tatu nilikuwapo simu ilipolia. Sauti ya mwanamke kutoka hospitali ile ilimuuliza kuhusu lile tukio la umeme.

"Z-6 ile..." akaanza shangazi, akakatisha, akavuta pumzi. "Jenereta ilizima alfajiri, dada. Kitu cha kwanza nilifunga mlango wa chumba cha baridi, nikakataza usifunguliwe mpaka masanduku yawe tayari." Akaendelea, akisimulia mikono ikienda huku na huku kana kwamba yule anamwona. Mwishoni akaandika kwenye bahasha: Jumanne, saa tatu, aende na vyeti.

Akaweka simu mezani taratibu.

"Ameniuliza nilianza na sanduku lipi," akasema. "Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hata mimi sikuwahi. Nikamuuliza ni lipi. Akainuka kwanza, akazima redio, ndipo akaanza kunieleza.