Siku Bi Mkubwa Aliponyamaza

Nyumba niliyopanga Temeke zama za Mwingereza ilikuwa na mpangaji mmoja tu mwenye akili timamu, naye alikuwa mbuzi. Mimi simo katika hesabu hiyo. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikapita mashamba ya mkonge, nikapita gatini, nikapita jikoni kwa Mzungu aliyekula viazi asubuhi mpaka jioni, na wakati ule nilikuwa nasukuma mkokoteni. Kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa.

Mwenye nyumba tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mjane wa Kizaramo, mpika vitumbua, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Mtaa mzima uliijua pumu yake kama unavyojua adhana. Ikimpanda alikaa kizingitini, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda, na kila alipotoa pumzi kifua kilipiga filimbi nyembamba, ndefu, isiyokwisha. Mdogo wake wa kiume, ambaye sote tulimwita Mjomba, alimsugua mgongo. Mtu alichemsha kahawa chungu. Mwingine alifungua fundo la kanga kutoa kidonge cha efedrini cha zahanati. Na Bi Mkubwa mwenyewe, muda wote huo, hakuacha kutukana. Alitukana kwa vipande, kwa kuwa pumzi haikumtosha sentensi nzima: "Wewe... mbwa... umemwaga... maji yangu..." Kisha akipumzika kidogo, "...na kata... umeivunja." Maneno yalikatika, lakini sauti ilikuwa yake ileile.

Sasa, nyuki. Walikuwa wamehamia ndani ya ukuta wa udongo, chini ya makuti, upande wa chumba changu. Mie sikuwa na ugomvi nao. Mjomba ndiye aliyeota asali. Nilimwambia atafute mrina asali anayejua kazi yake, akaniambia nyuki hawasomi shule. Baada ya sala ya adhuhuri akawasha makumbi ya nazi kwenye debe, akapanda juu ya kinu, akapeleka moshi ukutani. Nusu ya moshi iliingia kwa nyuki. Nusu ilitujia sisi.

Nyuki walitoka wote kwa pamoja, wakiwa na hasira ambayo mimi naielewa. Bi Mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unaniua na moshi wako, mwanaharamu wee! Hujui kifua changu?"

"Ingia ndani, dada, moshi unaisha sasa hivi!"

Bi Mkubwa alijipiga kofi shingoni, juu ya kanga, akaendelea kumtukana. Hakuna aliyelijali kofi lile. Uani mwote watu walikuwa wanajipiga makofi.

Haukupita muda mrefu akaanza kukohoa. Sauti ikakwaruza, kama ya mtu aliyelala na mafua. Akakaa kizingitini. Basi kila mtu akakimbilia kazi yake aliyoizoea: huyu kahawa, yule fundo la kanga, Mjomba mgongo. Moshi umemwamshia pumu, wakasema, na nani angewalaumu? Moshi ulikuwa bado unatutoa machozi.

Lakini kahawa ilitoka pembeni mwa mdomo. Kidonge kikafuata, kikielea kwenye mate. Hakuweza kumeza. Midomo yake ilikuwa imenona, wa chini umening'inia kama wa mtu aliyepigwa. Akawa anausukuma mkono wa Mjomba na kujishika koo. Mjomba akaurudisha mkono mgongoni.

"Tulia, dada, nakusugua."

Alijishika koo tena. Mjomba akasugua kwa nguvu zaidi. Mtu mwenye kichwa kigumu ukimwonyesha mlango, yeye hutazama kidole chako.

Kilichonishtua mimi ni kimya. Mjomba alikuwa amemkanyaga mguu, na hakutukanwa. Bi Mkubwa alifungua kinywa, na kilichotoka ni hewa tupu na mkoromo. Nikachuchumaa karibu naye nikasikiliza. Filimbi ya siku zote haikuwapo. Kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya kukwama, na ilitoka juu, shingoni, kila alipovuta pumzi ndani. Alipoitoa ilikuwa nyepesi zaidi.

"Mjomba, hii siyo ile. Analia akivuta."

"Kuvuta, kutoa, pumzi si pumzi?"

"Na kifua hakipigi filimbi."

"Si ndiyo nafuu yenyewe! Pumu ndogo hii. Hata matusi leo hana."

Alilisema hilo kwa furaha. Nilitamani kumtumbukiza kwenye debe lake la moshi.

Nikaleta mkokoteni. Nilitandika gunia, tukampandisha Bi Mkubwa, na hapo ikaanza vita ya pili, maana Mjomba alitaka alale chali kama mgonjwa wa heshima. Akimlaza, anainuka kwa kukurupuka, macho yamemtoka, anajiinamisha mbele kidevu kimetangulia. Akimlaza tena, anainuka tena. Njia nzima nilisukuma huku nikipiga kelele: "Mwache akae! Mwache akae anavyotaka!" Mpaka wauza machungwa wakadhani tunamteka.

Zahanati ilikuwa nyumba ya bati yenye baraza, na barazani palikuwa na benchi. Benchi hilo ndilo lililotaka kutuulia mtu. Watu wa pumu walijulikana pale kwa sura. Wakija, mhudumu aliwapa kidonge, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri kifua kitulie, wakaenda zao. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa watu wa pumu. Mhudumu, mama mmoja mnene mwenye gauni jeupe, alipomwona Bi Mkubwa hakusimama hata.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Tena? Haya, kaa pale."

"Mama, leo siyo pumu," nikasema.

"Wewe ndiwe dresa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi sukuma mkokoteni wako." Akageukia kopo la vidonge. "Bi Mkubwa, fungua mdomo."

"Hawezi kumeza!"

"Kila wiki anameza."

"Ni pumu tu ya moshi," Mjomba akamsaidia, Mungu amsamehe. "Kijana huyu ana maneno mengi."

Mlango wa chumba cha dresa, mganga wa zahanati ile, ulikuwa umefungwa. Alikuwa anamfunga mtu kidonda. Bi Mkubwa aliketi kwenye benchi, anakoroma, mate yanamtiririka kwenye kanga. Alitutazama mmoja mmoja, na nadhani aliona kwamba akitutegemea sisi atazikwa jioni ile. Akanyanyua kikombe cha bati cha kumezea dawa. Akakitupa kwenye mlango wa dresa kwa nguvu zake zote.

Dresa akatoka na hasira, bandeji mkononi. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, asiyependa kelele.

"Nani huyu asiye na adabu?"

Kisha akausikia ule mkoromo. Akamkaribia Bi Mkubwa, akamwambia aseme jina lake. Midomo ikacheza, sauti haikuja. Akaiweka mipira ya kusikilizia kifuani, mbele, nyuma, halafu akaishusha na kuinamisha sikio lake shingoni. Akaifungua kanga. Shingo na kifua vilikuwa vimejaa mabaka yaliyoinuka kama ramani, na chini ya sikio, palepale alipojipiga kofi, mwiba wa nyuki ulikuwa umesimama. Akaukwangua kwa ukucha.

"Adrenalini," akamwambia mhudumu. "Sasa hivi."

Alimchoma kwenye paja, palepale benchini, bila kumlaza. Kisha akaleta kisu kidogo ndani ya sahani yenye spiriti, akakiweka kando yake, wala hakusema cha nini. Mjomba alikitazama kisu akarudi nyuma hatua moja. Tukasubiri. Ule mkoromo ulikuwa unapanda na kushuka, na sote barazani, hata wagonjwa wa pumu, tulikuwa tunavuta pumzi pamoja naye bila kujijua. Mkono wa dresa ulikuwa kwenye mshipa wa mkono wake. Baadaye akachoma tena.

Mkoromo ukalegea polepole. Mabega yakashuka. Bi Mkubwa akameza mate, akakohoa, na kwa sauti ya mlango mkavu akamwambia mdogo wake maneno ya kwanza:

"Nakuonyesha shingo... unanisugua mgongo. Punda."

Mjomba akalia kwa furaha.

Dresa hakumruhusu aondoke siku ile. Alisema uvimbe unaweza kurudi hata baada ya kutulia. Nami sikuondoka, nikaanza kumsumbua kwa maswali. Alijibu kwa kuchoka, huku akisafisha bomba la sindano. Pumu, alisema, iko chini, kwenye vijia vidogo vya ndani ya kifua. Vinabana na kujaa makamasi, hewa inaingia lakini kutoka ni shida, ndipo unaposikia filimbi mtu akitoa pumzi. Cha leo kilikuwa juu, mlangoni. Sumu ya nyuki imeuchafua mwili mzima, na koo limevimba pale sauti inapotengenezwa. Ndiyo maana sauti ilikwenda kwanza, na ndiyo maana alikoroma akivuta. Kidonge tumboni ni cha taratibu mno, na asiyeweza kumeza utampaje?

"Na angekuwa na pumu, ungemchoma nini?"

"Ikizidi sana, hiihii. Inafungua vijia vya chini na inapunguza uvimbe wa juu. Wengine huwapata yote mawili pamoja. Lakini wa pumu wengi wanaweza kusubiri benchini. Mlango ukijifunga, hausubiri mtu."

"Na kile kisu?"

"Cha kutoboa shingo, chini ya uvimbe. Sijawahi kukitumia. Nenda kalale."

Akamwonya Bi Mkubwa kwamba nyuki mwingine anaweza kumfanya vibaya zaidi, na kwamba asikae nyumba moja nao. Bi Mkubwa aliporudi nyumbani akakuta Mjomba amekwisha kusimulia mtaa mzima jinsi pumu ya moshi ilivyoshindwa na kahawa yake. Tena alikuwa na bakuli la asali. Bi Mkubwa alimtuma akamlete mrina asali wa kweli, kutoka Ukonga, kwa miguu, na mzinga ukang'olewa ukutani, pamoja na kipande kizuri cha chumba changu.

Tangu hapo jioni zote barazani zilikuwa mtihani. Hapakuwa na mpangaji aliyepita bila kuulizwa.

"Mie nikipiga filimbi na kuwatukana, ni nini?"

"Pumu, Bi Mkubwa. Kidonge."

"Nikishika koo, sauti imekwenda?"

"Zahanati mbio. Ukae wima. Tusiende benchini."

"Na wewe, punda, unasugua wapi?"

"Mgongo," Mjomba akajibu, kila jioni, na sijui hadi leo kama alikuwa anatania.

Niliondoka Temeke mvua za vuli zilipoanza, kwa sababu ukuta wangu ulikuwa na tundu na kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuelewa mkokoteni. Bi Mkubwa alisimama kizingitini, filimbi kifuani, akinitukana kwa vipande: mzururaji, asiye na shukrani, umesahau... ndoo yako. Nilitembea polepole mpaka kona, nikimsikiliza. Ilikuwa pumu tupu. Sikurudi kuchukua ndoo.