Bangili Nne za Mama

Mama alikuwa na bangili nne za dhahabu, gramu sitini zote pamoja, karati ishirini na mbili. Alipewa na bibi yake alipoolewa. Katika mtaa wetu wa Ujiji karibu kila binti, tangu rika la Mama mpaka langu, aliolewa akiwa amezivaa. Mama wa bibi harusi alikuja kuziomba, Mama akazifungua kwenye leso, na baada ya fungate zilirudi na sahani ya halua juu yake. Hakukuwa na kuandikishana. Hakuna aliyezipima zilipotoka wala ziliporudi.

Macho ya Mama yalipoanza kuharibika, alinikabidhi mimi. Aliniambia, "Hizi si za kujipamba wewe. Ni za siku nitakayoanguka." Aliishi kwangu, mimi nilikuwa nauza mawese, na bangili zilikaa ndani ya kopo la unga chini ya kitanda changu.

Mdogo wangu wa kiume anapokea dagaa kutoka kwa wavuvi wa Mwamgongo na kuwauzia wafanyabiashara wa Kongo. Mmoja wa wateja wake alianza kumlipa kwa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa kuwa kuvuka ziwa na dola mfukoni kulimtia hofu. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoijua. Alikuja kwangu akasema tuuze bangili, tununue hiyo.

"Dhahabu inalala, Dada," alisema. "Miaka yote hiyo iko kwenye kopo, imezaa nini?"

"Haikuwekwa izae. Imewekwa isioze."

"Na dhahabu wanachimba kila siku, haina mwisho. Hii ina idadi yake, milioni ishirini na moja, haiongezeki hata moja."

Nilikataa. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma zaidi kuliko yote: siku ile niliyokataa ndiyo siku ambayo ingefaa. Mwaka mmoja na zaidi kidogo baadaye alikuja na simu akanionyesha mchoro wa bei. Ilikuwa imepanda karibu mara sita. Alisema makampuni makubwa ya ng'ambo yalikuwa yananunua, na vijana wa mjini Kigoma tayari walikuwa wamejenga. Sikuwa nimebadilisha mawazo kuhusu kitu chenyewe, ila niliona wivu tu. Nilikubali ilipokuwa juu kabisa, kwa sababu ilikuwa juu.

Hatukumwambia Mama.

Sonara tuliyemwendea ni mzee aliyemjua baba yetu. Alisugua kila bangili kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali juu ya alama, akatazama. Alama ya dhahabu bandia ingefutika, hii haikufutika. Kisha akaziweka kwenye mizani.

"Dhahabu safi ya kizamani," alisema. "Mnapeleka wapi hela?"

Mdogo wangu akamwambia. Mzee hakucheka.

"Sikilizeni, sitawadanganya kwamba dhahabu haishuki. Mimi niliwahi kununua nyingi ikiwa juu, ikaanguka, nikakaa nayo miaka mingi ndipo ikarudi. Lakini ilianguka kama mtu anayeshuka ngazi. Hiyo yenu huanguka kama mtu aliyesukumwa kisimani."

"Na ikipanda je, mzee wangu?" mdogo wangu alimtania. "Utakuja kuniomba kazi ya kubeba dagaa?"

"Nitakuja. Utanilipa kwa dagaa, si kwa simu."

Alitulipa laki moja na elfu tano kwa gramu, chini ya bei ya siku, kama masonara wote wanavyofanya. Ilikuwa milioni sita na laki tatu. Pesa hizo tulimtumia kwa simu muuzaji mmoja wa bitcoin aliyeko Dar es Salaam, kwa siku mbili kwa sababu ya kikomo cha kutuma. Mtandao wa kubadilishia fedha ulizishika sarafu zake katikati mpaka yule mtu alipothibitisha kupokea, ndipo zikaingia kwenye simu ya mdogo wangu. Hazikufika hata nusu ya sarafu moja. Zilikuwa visehemu vinne katika mia. Mdogo wangu aliandika maneno kumi na mawili ya Kiingereza kwenye karatasi, akasema simu ikipotea, maneno hayo ndiyo yatakayozirudisha. Na mtu mwingine akiyapata, ndiye mwenye mali.

"Kwa hiyo hii ni mali ya anayejua maneno?"

"Ndiyo, Dada."

"Na mke wako anayajua?"

"Hapana."

"Mimi je?"

Alikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Ulikuwa umebaki muda mfupi mwaka utimie tangu siku ile ya sonara, Mama alipoteleza uani asubuhi akavunjika mfupa wa nyonga. Daktari alisema mfupa wa umri ule haujiungi wenyewe. Apelekwe hospitali kubwa Mwanza, awekewe kiungo cha chuma, na kiungo tukinunue sisi. Pamoja na safari ilikuwa milioni tano. Tena alisema neno nililoliweka kichwani: mzee akilala chali kwa majuma, kinachomuua si mfupa, ni mapafu.

Nilimpigia mdogo wangu.

Sarafu zilikuwa zimeshuka mpaka robo. Juma lile lile kampuni moja kubwa ya kubadilishia sarafu hizo huko ng'ambo ilikuwa imeanguka, na watu waliokuwa wameweka za kwao humo walikuwa wanalia. Zetu hazikuwamo, zilikuwa kwenye simu yake, lakini bei haikuuliza za nani ziko wapi. Milioni sita na ushei ilikuwa imebaki milioni moja na nusu.

"Tukiuza leo, Dada, hasara inakuwa ya kweli," alisema. "Tungoje. Inarudi hii. Imeshawahi kuanguka hivi na kurudi, si mara moja."

"Mama atangoja nayo?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Tungoje siku tatu." Zikawa tisa. Kila asubuhi nilimuuliza bei kabla sijamuuliza Mama amelalaje.

Siku ya tisa walikuja wanawake watatu wa mtaani kumwona. Mkubwa wao, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliketi kitandani akamshika Mama mkono.

"Shoga yangu, tumezungumza," alisema. "Milioni tano tunaipata leo hii kwenye kikoba chetu. Tunachotaka tu ni bangili ziwe kwetu mpaka mlipe. Hatuzipimi. Nani atazipima? Sote tumezivaa."

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Kazilete, mwanangu."

Nilisimama. Sikwenda popote.

"Kazilete."

"Hazipo, Mama."

Nilieleza yote, mbele ya wanawake wale, kwa sababu kama ningewasubiri watoke nisingesema. Mama alisikiliza, macho yake yakiwa kwenye bati la paa.

"Mlinunua nini?"

"Sarafu ya mtandaoni."

"Iko wapi?"

"Kwenye simu ya mdogo wangu."

"Nani mwingine anayo hapa mtaani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi siku ya shida unampa nani aishike?" Akageuza uso ukutani.

Jirani yetu alisimama akajifunga khanga upya. "Mimi niliolewa na bangili zile," alisema. Hakuniangalia. "Mtu akija kuziomba ungemwambia nini? Ungemwambia ziko sokoni Amerika?" Mwenzake akamvuta mkono. Hata hivyo walichanga, laki sita, wakazileta kwenye bahasha. Lakini hawakutukopesha. Kikoba kina sheria zake, na mimi sikuwa na kitu ambacho mkono wao ulikijua.

Jioni hiyo nilimwambia mdogo wangu auze. Aliniletea laki saba na nusu. Alisema ndiyo yote, bei imezidi kuanguka. Nilikuwa na laki tisa zangu za mawese. Tulianza kumwomba huyu na yule. Katika juma la nne Mama alianza kukohoa, na homa ikapanda, na akafa tukiwa na nusu ya pesa. Nilimwosha mimi na jirani yetu yule. Mkono wa Mama ulikuwa mwembamba kiasi kwamba bangili zingefika kwenye kiwiko.

Zaidi ya miaka miwili ilipita. Siku moja mdogo wangu aliingia kwangu na mfuko wa plastiki, akauweka mezani, akaketi.

"Milioni tano," alisema.

"Za nini?"

"Sikuuza zote, Dada. Niliuza nusu. Nilijua itarudi."

Nilimtazama. Alikuwa analia, lakini machoni mwake, chini ya machozi, kulikuwa na kitu kingine, kama cha mtu aliyeshinda hoja. Ilikuwa imerudi kweli. Ilikuwa imepita hata pale tuliponunua, zaidi ya nusu juu yake.

Nimepiga hesabu ile mara nyingi, na sitaficha matokeo yake. Hata kama angeuza zote siku ile, tusingefika milioni tano. Hakumwua Mama. Lakini alipochagua nini kingoje, alimchagua Mama.

Nilichukua mfuko nikaenda kwa sonara. Nilimuuliza bangili zetu zingekuwa na bei gani sasa. Alihesabu kwa kalamu.

"Ningekulipa kama milioni kumi na moja, mwanangu."

Na sarafu, kama tungekaa nazo zote, zingekuwa milioni kumi na ushei. Karibu sawa. Mdogo wangu angesema, tungenunua siku ya kwanza tungekuwa matajiri, na angesema kweli. Sonara angesema, dhahabu haikutukosesha usingizi hata usiku mmoja, naye angesema kweli. Mimi nilichojua ni kwamba juma lile moja, Mama akiwa kitandani, sarafu ilikuwa robo na dhahabu ingekuwa nzima.

Kwa milioni tano alinipa bangili mbili, nyepesi kuliko za Mama. Zile alikuwa ameshaziyeyusha zamani.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuwa anamwoza mjukuu wake. Nilizifunga bangili kwenye leso ile ile, nikampelekea kabla hajaomba. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru vizuri, akanikaribisha chai.

Kesho yake nilipita mbele ya duka la sonara nikiwa na ndoo yangu ya mawese. Jirani yetu alikuwa ndani, ameinama juu ya meza. Sonara alikuwa anasugua moja ya bangili nilizompelekea kwenye jiwe jeusi, na yeye alikuwa anasubiri kuona kama alama itafutika.