Gauni la Kipaimara

Harufu ya mkaa kwenye pasi ikinipata, namwona mama amelala kwenye kitanda cha kamba, akiliangalia gauni langu jeupe lililoning'inia msumarini. Alilishona mwenyewe kabla ya kuzidiwa. Zilikuwa zimebaki siku saba nipate kipaimara, katekista akasoma tangazo kanisani: “Barabara ya Nanganga imekatika kwa mvua, Askofu hawezi kupita. Kipaimara cha Jumapili ijayo kimeahirishwa hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Waliokwisha kuungama wataungama tena Ijumaa ya kabla yake. Wenzetu wa Mkotokuyana waarifiwe.”

Nikampelekea mama habari. Akasema, “Basi livae sasa hivi, mwanangu, nikuone.”

“Litachafuka, mama. Siku yake bado.”

“Kidogo tu.”

Nikakataa. Nikalifunika gauni kwa kanga yake, nikatoka kucheza.

Tulimzika kabla ya hiyo Jumapili ya mwisho. Siku ya kipaimara shangazi alilipiga pasi gauni, akanivalisha, akanigeuza huku na huku.

“Jeupe pee,” akasema. “Halina hata doa.”