Nikaha kwa Kipimo cha Simu

Kwetu bibi harusi haioni nikaha yake. Wanaume huenda msikitini, yeye hubaki chumbani na shangazi na mashoga zake, hina na piko zikiwa bado zinanukia mikononi, akingoja vigelegele vya kumwarifu kwamba sasa ni mke wa mtu. Zamani aliridhika na masimulizi. Siku hizi kuna video, na mpiga video wa harusi huku Kisauni amekuwa macho ya mwanamke ambaye hayupo. Hilo ndilo lililonifanya niikubali ile kazi ya studio ya Magogoni nilipomaliza chuo na kukosa nyingine. Nilidhani ni kazi yenye heshima.

Bosi wangu hakuwa na habari na macho ya mwanamke. Alikuwa na habari na kidole gumba. Alinieleza siku ya kwanza kwamba mtu hushika simu wima, mkono mmoja, na kidole kinasogeza video juu, juu, juu. Video iliyosimama, tisa kwa kumi na sita, inajaza kioo chote. Iliyolala, kumi na sita kwa tisa, inageuka utepe mwembamba katikati, weusi juu na weusi chini, na kidole kinaipita. Mraba unapotea, nne kwa tano inafaa kidogo, lakini mfalme ni tisa kwa kumi na sita. Zaidi ya hayo, usiweke kitu cha maana chini kabisa wala ukingo wa kulia, kwa sababu huko kuna maandishi na vitufe vya kupenda na kutuma.

Yote hayo ni kweli. Niliyapima mwenyewe, maana siamini jambo kwa kuambiwa. Kilichonichefua ni kwamba kutoka kwenye ukweli huo mdogo kuhusu kioo cha simu, bosi alikuwa ameshatoa hukumu juu ya ulimwengu mzima. Kisichosimama hakifai kupigwa. Wazee walioketi safu moja ukumbini, hawafai. Meza ndefu ya biriani, haifai. Nilimuuliza mara moja kama bahari nayo angeisimamisha. Akaniambia, "Msomi, bahari haina wafuasi."

Harusi ninayoisema ilikuwa ya binti wa muuza vitambaa wa hapo hapo Kisauni, ukoo wa zamani, watu wa kuitikia abee hata wanapogombana. Bwana harusi alikuwa kijana wa Port Reitz, mpakuaji mizigo wa uwanja wa ndege, ambaye wazazi wake walitoka bara. Baba mtu alikataa posa hiyo muda mrefu. Wazee wakaenda na kurudi, mpaka siku moja akasema sawa, bila kuongeza neno. Na alipoulizwa kama atampa shehe uwakala wa kuozesha, kama wanavyofanya akina baba wengi wanaoogopa kukosea maneno, akasema ataozesha mwenyewe. Mtaa mzima ulishangaa. Wengine walisema ameridhika, wengine walisema anataka tu wote waone nani mwenye mtoto. Binti mwenyewe hakujua ni lipi. Baba wa kwao haulizwi jambo kama hilo.

Waliokuja studio kuagiza video walikuwa marafiki wa bwana harusi. Walitaka klipu fupi za kutuma mtandaoni, basi. Hawakutaka filamu ndefu ya kukaa sebuleni kuangalia.

Msikitini, baba na mkwe waliketi kwenye zulia, goti kwa goti, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, shehe kati yao, nyuma kidogo, na maikrofoni. Baba kushoto, shehe katikati, bwana harusi kulia. Hakuna namna nyingine ya kulipiga tendo hilo zima ila kulaza kamera. Niliilaza. Niliiweka kwenye miguu yake mitatu, mbali kidogo, watu watatu wakaingia kwa raha. Bosi akapita nyuma yangu na kamera yake ya pili, ameisimamisha, akaninong'oneza kwamba napoteza memori kadi. Yeye alimzunguka bwana harusi kama nzi.

Kesho yake nilitumwa Port Reitz kupiga chakula cha upande wa mume. Niliporudi studio kazi ilikuwa imekwisha. Bosi alikuwa ameichukua picha yangu iliyolala akaikata katikati ili isimame. Ukifanya hivyo unabaki na chini ya theluthi moja ya upana, na theluthi hiyo ilikuwa shehe, maikrofoni, na mikono miwili iliyoshikana ikitokea pande mbili kama imekatwa kwenye kiwiko. Baba hakuwemo. Mkwe alionekana pua. Kisha, kwa desturi ya studio yetu, klipu ikishatoka kadi zinafutwa kwa ajili ya harusi inayofuata. Nilimuuliza picha nzima iko wapi. Akasema picha nzima ndiyo hiyo.

Klipu hiyo ikapendwa kuliko zote tulizowahi kuweka. Ilipendwa kwa sababu ya sekunde zake za mwisho. Mkwe anasema amekubali, na papo hapo mkono wa baba unachomoka kutoka kwenye mkono wa mkwe, unatoweka nje ya picha, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Bosi aliirudia sehemu hiyo mara tatu, akaitia muziki. Chini yake watu ambao hawajawahi kukanyaga Magogoni wakaandika walivyotaka. Mzee kaungua. Mzee kashalipwa, kaachia. Baba mkwe wa hivi mimi naomba talaka leo. Niliyasoma yote, na nilihisi kama mtu aliyekula kitu kilichoharibika na bado anakitafuna.

Fungate ilipokwisha binti alikuja studio na shangazi yake. Alisalimia vizuri, akaketi, akasema ameiona klipu, na kwamba hakuja kugomba. Alitaka moja tu.

"Nataka kuuona uso wa babangu," alisema. "Mkono nimeuona. Dunia nzima imeuona."

Bosi alimweleza kwa upole wa kibiashara kuhusu tisa kwa kumi na sita. Alimweleza vitufe vya kulia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama aliyevumbua simu alikuwa hana baba. Bosi akacheka. Binti hakucheka. Alinigeukia mimi, akaniuliza niliona nini, maana nilikuwepo. Nikamwambia ukweli, kwamba wakati ule kijana mmoja alikuwa akitaka kupita mbele ya kamera yangu na simu yake, nami nilikuwa nikimzuia. Sikuona. Na sikutaka kumtungia uso.

Jioni hiyo nilianza kutafuta. Baada ya swala ya alasiri niliwauliza waliohudhuria, na kila mmoja alikuwa na video, mashaallah, kila mmoja alinionyesha kwa fahari. Zote zimesimama. Moja ni shehe mtupu. Moja ni bwana harusi kutoka kidevuni mpaka kofiani. Moja ni bega la jirani. Msikiti mzima ulikuwa umeinua simu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuupindua mkono wake. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewalipa. Bosi wangu angalau alikuwa akifanya biashara. Hawa walikuwa wameshafundishwa na kioo namna ya kuangalia, na hawakujua kwamba wamefundishwa.

Aliyetuokoa ni ami yake binti, mdogo wake baba, mtu mzima ambaye mikono humtetemeka. Shangazi ndiye aliyemkumbuka. Simu ya ami ina lile jalada la ngozi linalofunguka kama kitabu, na linasimama lenyewe juu ya meza, lakini kwa ubavu tu. Ukiliweka wima linaanguka. Siku ya nikaha alikuwa ameiweka kwenye dirisha la msikiti, akaiwasha, akaenda zake kuketi. Hakuwa amemtumia mtu video hiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nani yuwataka yangu, mwanangu? Nyote mna zenu."

Tukaiangalia pale studio, ami, shangazi, binti na mimi. Picha ilikuwa na ukungu, panka ya upepo ilivuma kuliko shehe, na nusu ya juu ilikuwa dari. Lakini wote watatu walikuwemo. Baba alikuwa akitikisa midomo kabla zamu yake haijafika, anayafanyia mazoezi maneno. Jasho lilimtiririka. Aliyasema yote bila kukosea. Mkwe akajibu. Mkono ukachomoka, na safari hii tuliona ulikokwenda. Ulikwenda usoni. Aliufunika uso wake wote kwa kiganja na ukingo wa mkono wa kanzu, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Shehe alishaanza dua, watu wote wameinua mikono, na yeye bado amejifunika. Bwana harusi alimtazama, hakujua afanye nini, akamwekea mkono gotini. Baba hakuuondoa.

Binti aliomba irudiwe. Tukairudia. Shangazi alikuwa akilia waziwazi na kumlaumu ami kwa kuficha mali ya watu.

Sikujua kwamba bosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo," alisema, na alikuwa ameshatoa simu yake, "mnipe mimi. Namkata mzee peke yake, namsimamisha, tunaanza na mkono halafu tunamwonyesha analia. Itakwenda mpaka bara."

Alisema hivyo mbele ya binti wa mtu. Nilimtazama bosi usoni nikitafuta haya, na sikuona hata dalili yake. Alikuwa amefurahi kweli. Alidhani anatupa zawadi.

Ami alifunga jalada la simu yake, taratibu.

Binti akamwambia bosi kwamba babake hatokatwa tena, na akamwomba aitoe klipu ya mikono. Bosi akasema haiwezekani, hiyo ndiyo inayoleta wateja, watu wameshaizoea, na isitoshe mkono si uso, nani atajua ni wa nani. Alinitazama mimi ili nimuunge mkono, kama mtaalamu mwenzake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka klipu kwenye ukurasa wa studio, kwa hiyo ukurasa ulikuwa wazi kwenye simu yangu. Nikaitafuta, nikaifuta, nikamgeuzia kioo aone.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe kazi hii huiwezi," na kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

Sijidanganyi. Wengine walikuwa wameshaihifadhi, na mpaka leo huiona ikipita kwenye kurasa za watu nisiowajua, imetiwa muziki mwingine, mkono ukichomoka, ukichomoka. Siwezi kuifuta huko.

Lakini siku ile ami alimtumia binti video yake, yeye peke yake. Alipoifungua kwenye simu yake ilitokea utepe mdogo katikati ya weusi, uso wa babake si mkubwa kuliko punje. Akaipindua simu. Picha ikabaki vilevile, imelala ubavu, kwa sababu simu yake, kama za watu wote, ilikuwa imefungwa isigeuke. Nikamwonyesha pa kuifungua. Picha ikazunguka, ikajaa kioo. Akaiangalia hadi mwisho akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Kisha akajitanda buibui vizuri, akamwambia shangazi wasipitie njia waliyojia. Wapitie dukani kwa baba.