Jora Mkononi mwa Roboti

Mwenye duka la vitenge alipanda ghorofani kwenye karakana yetu, Kariakoo, kuona kama mkono wetu wa roboti wenye viungo sita ungemfaa. Angekuwa mteja wetu wa kwanza. Nilijigamba kwamba unapita hata tundu la sindano, maana kwenye kompyuta nilishauchorea meza, rafu na nguzo za kukwepa.

Mkono ukabeba jora la vitenge la majaribio, ukazunguka taratibu kama bibi harusi. Jora likaigonga rafu, vitenge vikaporomoka miguuni pa mwenye duka.

"Mwanangu, hauoni?"

"Samahani sana, mama. Sikuuambia kwamba umebeba jora. Umejikwepesha wenyewe tu, si mzigo wake."

"Na mimi, umenichora humo?"

Nilitazama kompyuta. Hakuwemo. Akachukua mkoba wake akaondoka, nami nikainama kuokota vitenge, uso ukiniwaka.