Sufuria za Shangazi

Kwenye kantini ya kiwanda, wenzake walimwita Jenerali, na si kwa mapenzi. Alikuwa mpishi mkuu mwenye sauti ya kukaripia hata akisalimia. Kwa hiyo binti wa kaka yake alipopata chumba chake cha kwanza cha kupanga, Jenerali hakushauriana na mtu. Alivaa viatu akaenda kununua sufuria.

Dukani alimtoa muuzaji jasho. Aliinua kila sufuria kupima uzito, kwani nyepesi huunguza chakula chini huku juu kibichi. Aliiweka kwenye sakafu akaibonyeza ukingoni aone kama inayumba. Alivuta mishikio, akakagua misumari yake, akazungusha mifuniko. Seti ya vyombo saba aliikataa katakata. "Huyu anaishi peke yake, si bweni." Akachukua tatu za alumini nzito: ndogo ya chai, ya kati ya mboga, kubwa ya wali siku ya wageni.

Mgeni mwenyewe, moyoni mwake, alikuwa yeye. Kaka yake alipofariki, yeye ndiye aliyemlea yule binti miaka ile mama yake alipokuwa akihangaika na kazi mbali. Mama alirudi, akamchukua mtoto bila hata asante ya kinafiki. Tangu hapo mawifi hawa wawili hawasemeshani. Sasa mtoto ana mlango wake, na Jenerali aliapa kuwa yule mwanamke hatamtangulia tena. Akikaribishwa pale, bado ana mtoto. Asipokaribishwa, amempoteza mtoto kwa mara ya pili.

Alipanda ngazi akihema, akamkuta wifi yake ameshafika, amekaa kwenye kiti pekee cha chumba.

"Shikamoo shangazi," binti alisema, akapokea mzigo.

"Marahaba mwanangu. Fungua."

Wifi alitazama sufuria zikitolewa moja moja, akachekea puani. Mezani palikuwa na zawadi yake, jiko jipya la umeme lenye kioo juu. Mwenye nyumba hakutaka gesi wala mkaa ndani. Jenerali hakulijua hilo, maana hakuuliza.

"Hebu tuchemshe maji basi," wifi alisema, kwa utamu wa uongo.

Binti akatia maji kwenye sufuria ndogo, akaiweka juu ya kioo, akabonyeza. Jiko likalia pii, pii, pii, likawaka alama nyekundu, likazimika. Jenerali akambandua mtoto pale, akabonyeza mwenyewe kwa nguvu. Pii, pii, pii.

"Bovu," alisema. "Umemletea mtoto jiko bovu."

Wifi akatoa sumaku ndogo kwenye mkoba, akaigusisha kwenye ubavu wa sufuria. Ikaanguka mezani. "Jiko hili linapasha chombo kinachonasa sumaku. Alumini hainasi. Miaka yote jikoni, hujui?"

Jenerali aliona aibu ikampanda hadi masikioni, na hasira ikaja nyuma yake. "Na wewe unayejua, umeleta sufuria ipi?"

Wifi akaiokota sumaku yake. Hakuleta hata kikombe. Alipanga kuleta wiki ijayo, aje mara mbili, ashukuriwe mara mbili.

"Sumaku mkobani! Ulijua nanunua sufuria!" Jenerali alifoka. "Ulikaa kimya nije nidhalilike!"

"Ungenipigia simu ungekufa?"

"Nikupigie wewe? Mwizi wa mtoto!"

"Mtoto nimemzaa mimi!"

"Basi!" Binti alikuwa ameinyakua sufuria, maji yanamwagika sakafuni. "Kila mmoja nilimwambia, mwulize mwenzio, vitu viendane. Shangazi, ulisema sufuria, ukanikatia simu. Mama, nikakueleza, ukasema utaona. Nina jiko lisilo na sufuria, na sufuria zisizo na jiko. Tangu nihamie nakula mkate mkavu. Dirisha halina pazia, navua nguo gizani mtaa mzima usinione. Nani aliniuliza?"

Binti alionyesha jiko na sufuria kwa kidevu.

"Hizi si zawadi zangu. Mnapigana, mmeniletea silaha niwahifadhie." Akamwaga maji, akafuta sufuria, akazirudisha zote mikononi mwa shangazi yake, jiko likabaki mezani. Akafungua mlango. "Mtakuja siku mtakayokuja pamoja. Mmoja mmoja, sifungui."

Kitasa kilifungwa nyuma yao. Jenerali alisimama kwenye ngazi, amekumbatia sufuria tatu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na mtu wa kumkaripia. Alitaka kulia, lakini si mbele ya yule.

Wifi alikuwa ameshaanza kushuka.

"Wewe," Jenerali aliita. Akameza mate. "Wifi. Hizo zinazonasa zinauzwa wapi?"

Wifi alisimama, hakugeuka.

"Nifuate," alisema. "Lakini usinisemeshe."