Gunzi la Babu Jailos

Babu yangu Jailos alikuwa na gunzi la mahindi alilolifunga kwa uzi na kulitundika mlangoni mwa kinu cha kusagia kwa nguvu ya maji, pale mto Kiwira unapoporomoka kwenye mawe. Wageni walidhani ni dawa ya kuzuia wezi. Sisi wa nyumbani tulijua ni la kujikunia. Kila baada ya debe moja la mahindi babu alisimamisha kazi, akalishika gunzi, akajikuna kiunoni, mapajani na matakoni huku amefumba macho kama mtu anayesali.

Kinu kilikuwa mali ya kanisa. Babu alikisimamia tangu baba yangu hajazaliwa, na aliujua mlio wa jiwe lake la kusagia hata akiwa kitandani. Lakini mwaka ule niliporudi likizo kutoka shuleni, nilikuta akina mama wanapita na ndoo za mahindi kichwani kwenda kutwanga kwa mikono. Walisema mzee ana upele, na upele unaingia kwenye unga.

Alhamisi akaja Mzee Sedekia, mzee wa kanisa, mtu wa fimbo na koti jeusi hata juani.

"Ndugu yangu Jailos," akasema, "Jumapili baada ya ibada nitauchukua ufunguo wa kinu. Watu hawali unga uliokunwa."

"Unga sijaukuna. Nimejikuna mimi."

"Ndiyo hayo hayo."

Alipoondoka Sedekia, babu aliuvua ufunguo shingoni, akautazama, akauvaa tena. Jioni ile hakugusa ndizi zake, na babu kuacha ndizi ni jambo la kuitisha ukoo.

Haikuwa kwamba hajatibiwa. Bibi Atuganile alikwisha kumpaka dawa ya kiberiti mara tatu, nyumba nzima ikanuka hata mbuzi wakalala nje kwa hiari yao. Nguo zilichemshwa, mikeka ikaanikwa. Babu akaendelea kujikuna.

Aliyejua mambo ya dawa kwetu alikuwa mama mdogo Ikupa, mke wa baba mdogo. Alisomea uuguzi, akafanya kazi hospitali ya Tukuyu kabla ya kuolewa. Shida ni kwamba Ikupa ni mkwe wa babu, na kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wala hakai naye nyumba moja. Wakikutana njiani, Ikupa huingia migombani hadi mzee apite. Mwaka mzima wameishi boma moja, na Ikupa hajui kama babu ana ndevu.

"Basi amtibu bila kumwona," nikasema.

Bibi alinitazama kama nimesema ng'ombe anataga mayai. Kisha akacheka. "Wewe una miguu. Utakwenda na kurudi."

Ijumaa asubuhi Ikupa akakaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Babu akalala ndani kifudifudi, shuka kiunoni, bibi kando yake. Mimi katikati, nikizunguka nyumba.

"Muulize bibi," akasema Ikupa, "yeye anayelala na mzee kitanda kimoja, anajikuna?"

Nikazunguka. Bibi akasema hajawahi kujikuna hata mara moja. Nikarudi.

"Na vidole vya mzee? Katikati ya vidole, na hapa kwenye kiwiko cha mkono?"

Nikazunguka. Vidole vilikuwa safi kama vya mwalimu.

"Basi si upele," akasema Ikupa. "Upele hupenda vidole, na ungekwisha kumpata bibi zamani. Ngozi ya kiunoni ikoje?"

Nikaiangalia vizuri. Ilikuwa nene, imekunjamana, ina vipele vidogo vidogo, na haikung'aa. Bibi akaipaka mafuta ya nazi yaliyonunuliwa dukani, lakini ikabaki imefifia vile vile.

"Kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juu ya paa," nikamwambia Ikupa.

"Nasikia hayo," babu akaita kutoka ndani.

Ikupa akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililotuokoa: "Bibi apapase mfupa wa nyonga, na mbavu. Kuna kinundu?"

Bibi akapapasa. "Kimoja hapa. Kigumu kama kokwa. Na kingine, tazama, kinateleza chini ya ngozi."

"Kinauma?" nikamuuliza babu.

"Hakiumi. Nimekaa nacho miaka. Nilidhani kila mwanamume mzima anacho."

Niliporudi, Ikupa hakucheka tena. "Mwambie bibi waende Tukuyu leo leo. Huo ni usubi. Minyoo mikubwa imejikunja ndani ya vinundu, watoto wao wanatembea ndani ya ngozi, ndio wanaowasha. Wakifika machoni, mtu hupofuka."

"Na unga?"

"Unga hauna kosa. Anayeleta ugonjwa ni yule nzi mdogo mweusi anayeuma mchana pale mtoni, kwenye maji yanayokwenda kasi."

Yaani pale pale penye kinu.

Tukuyu tulimkuta fundi wa hadubini, Muhidini, mtu wa pwani aliyemwita kila mtu "bwana wangu". Aliinua ngozi ya nyonga ya babu kwa ncha ya sindano, akakata kwa wembe kipande kidogo kuliko punje ya ulezi, akakiweka kwenye tone la maji ya chumvi. Tukangoja. Kisha akasema, "Karibu, bwana wangu, uwaone wapangaji wako."

Babu akachungulia kwa muda mrefu. Na mimi nikachungulia. Palikuwa na nyuzi nyembamba sana, na zote zilikuwa zinacheza.

"Hawa wote wanakula kwangu?" akauliza babu.

Daktari akamkagua macho, akasema bado ni mazima. Akaandika barua.

Jumapili Sedekia akaja na fimbo yake na mkono umenyooshwa kupokea ufunguo. Nikaisoma barua kwa sauti: ngozi nene iliyofifia, kuwashwa sana, vinundu visivyouma kwenye nyonga, ugonjwa hauambukizi kwa unga wala kwa kulala pamoja, huletwa na nzi wa mtoni.

Mkono wa Sedekia ukashuka. Nyumba yake iko mtoni, hatua mia kutoka kinuni. Kisha akaninong'oneza:

"Mjukuu, hebu kamuulize mama yako mdogo. Kama kinundu kiko upande wa kushoto, ni kile kile?"

"Wewe si baba mkwe wake," nikasema. "Kamuulize mwenyewe."

"Nenda wewe. Mtu wa koti haulizi habari za kiuno chake."

Wiki iliyofuata, Sedekia naye alipokwisha kupimwa, wazee wote wawili walilazwa Tukuyu vitanda jirani. Walikatwa vinundu vilivyoonekana, wakaanzishiwa vidonge kidogo kidogo. Daktari aliwaonya kwamba minyoo inapokufa kuwashwa huzidi kwanza, na kwamba huenda wakarudi kutibiwa tena, kwa sababu minyoo mingine mikubwa hujificha. Alisema pia mtu wa kinu avae suruali ndefu na mikono mirefu. Siku hizi babu anasaga akiwa amevaa kama karani wa boma, na akina mama wamerudi na ndoo zao.

Lakini siku ya kidonge cha kwanza nilikuwepo. Walivimba nyuso, wakapata homa, wakajipindapinda kama samaki kikaangoni. Babu akatoa gunzi chini ya mto wake. Sedekia akaliona.

"Ndugu yangu Jailos, niazime kidogo."

Babu akajikuna kwanza, taratibu, hadi akaridhika.

"Juzi ulitaka ufunguo," akasema. "Leo unataka gunzi. Chagua kimoja."

"Ufunguo kaa nao mpaka ufe," akasema Sedekia, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa tayari.